Kwa Nini Vipeo Vitano Haviwezi Kuunganishwa Vyote Bila Mistari Kukatana

Katika hisabati, grafu ni mkusanyiko wa nukta pamoja na mistari inayoziunganisha. Nukta huitwa vipeo na mistari huitwa kingo. Urefu wa ukingo au namna ulivyopinda si hoja; hoja ni kipeo kipi kimeunganishwa na kipi. Grafu yenye vipeo vitano, ambamo kila kipeo kimeunganishwa moja kwa moja na vingine vyote vinne, huitwa grafu kamili ya vipeo vitano, na kwa kifupi huandikwa K5. Kingo zake ni 10. Kila kipeo kina kingo 4, na vipeo ni vitano, hivyo jumla inatoka 20. Lakini katika hesabu hiyo kila ukingo umetajwa mara mbili, mara moja katika kila ncha yake, na ndiyo maana zinabaki 10.

Njia iliyozoeleka ya kuichora grafu hii ni kuvipanga vipeo vyake, A, B, C, D na E, katika umbo la pembetano. Pande za pembetano ni kingo tano za kwanza. Kingo tano zilizobaki hupita ndani na kufanya nyota. Mchoro ni mzuri kwa macho, lakini mistari ya nyota inakatana yenyewe kwa yenyewe mahali 5. Mikato hiyo inaweza kupunguzwa. Ukingo wa BD na ukingo wa BE vikitolewa ndani na kuzungushwa nje ya pembetano, ndani hubaki AC, AD na CE tu, na mkato unabaki mmoja: pale CE inapokatana na AD. Anayechora hufika hapo upesi, kisha hukwama. CE ikipitishwa nje inagonga BD. Vipeo vikihamishwa na mistari ikipindwa upya, mkato huondoka hapa na kuzuka pale.

Grafu ambayo inaweza kuchorwa kwenye karatasi bila ukingo wowote kukatana na mwingine huitwa grafu bapa. Swali ni kama K5 ni bapa. Kukwama kwa mchoraji hakulijibu swali hilo, hata akikwama mara elfu moja, kwa sababu njia za kuchora mistari iliyopinda hazina mwisho. Huenda mchoro mzuri upo na bado haujaonwa. Ili kuthibitisha kwamba haupo, inahitajika hoja inayoigusa michoro yote kwa pamoja, pamoja na ile ambayo hakuna mtu atakayewahi kuichora. Hoja hiyo haina budi kusimama juu ya kitu ambacho hakibadiliki mstari unapopindwa. Kitu hicho ni idadi: ya vipeo, ya kingo, na ya nyuso.

Uso ni eneo lililozungukwa na kingo katika mchoro usio na mikato. Pembetatu iliyochorwa kwenye karatasi ina nyuso mbili: ule wa ndani, na ule wa nje unaoenea pande zote bila mpaka. Uso wa nje husahauliwa na wengi wanaoanza, na ukisahauliwa hesabu yote huharibika kwa moja. Lazima uhesabiwe kama nyuso nyingine. Mraba wenye ulalo mmoja una vipeo 4, kingo 5 na nyuso 3. Pembetatu yenye kipeo cha nne katikati, kilichounganishwa na pembe zote tatu, ina vipeo 4, kingo 6 na nyuso 4. Pembetatu tupu ina 3, 3 na 2. Katika kila mfano, idadi ya vipeo ikiondolewa idadi ya kingo, kisha ikaongezwa idadi ya nyuso, jibu ni 2.

vipeo − kingo + nyuso = 2

Uhusiano huu huitwa kanuni ya Euler. Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliutaja katika barua aliyomwandikia Christian Goldbach mwezi Novemba 1750. Yeye alikuwa akichunguza maumbo manene yenye pande bapa. Mchemraba, kwa mfano, una pembe 8, kingo 12 na nyuso 6, na 8 − 12 + 6 ni 2. Uthibitisho wa kwanza unaokubalika bila shaka uliandikwa na Mfaransa Adrien-Marie Legendre mwaka 1794. Baadaye Augustin-Louis Cauchy aliyahamishia maumbo hayo kwenye karatasi: uso mmoja wa umbo unaondolewa, sehemu iliyobaki inatanuliwa mpaka ilale bapa, na uso ulioondolewa unakuwa ule wa nje. Kwa njia hiyo kanuni ya maumbo manene ikawa pia kanuni ya michoro.

Sababu ya kanuni kuwa kweli inaonekana mchoro unapojengwa hatua kwa hatua. Mwanzoni kuna kipeo kimoja peke yake kwenye karatasi. Vipeo ni 1, kingo ni 0, na nyuso ni 1, kwa kuwa karatasi nzima bado ni eneo moja. Hesabu ni 1 − 0 + 1, yaani 2. Kisha kingo zinaongezwa mmoja mmoja, kila mara ukingo mpya ukianzia kwenye kipeo ambacho tayari kimechorwa. Ukingo wa namna hiyo una njia mbili tu. Ama unaishia kwenye kipeo kipya, na hapo vipeo vimeongezeka kwa kimoja na kingo kwa mmoja, huku nyuso zikibaki kama zilivyokuwa, kwa maana mstari wenye ncha inayoning'inia haukati eneo. Ama unaishia kwenye kipeo kilichokwishachorwa, na hapo unafunga mzunguko na kuugawa uso mmoja kuwa miwili: kingo zimeongezeka kwa mmoja, na nyuso kwa mmoja. Katika hali zote mbili kinachoongezwa na kinachoondolewa vinafutana, na jibu linabaki 2 mpaka ukingo wa mwisho.

Hoja hii inahitaji mambo mawili. La kwanza ni kwamba grafu iwe imeshikana, yaani kutoka kipeo chochote mtu aweze kufika kingine chochote kwa kufuata kingo. Vinginevyo haitawezekana kuijenga yote kwa kuanzia nukta moja. K5 imeshikana bila shaka yoyote. La pili limo ndani ya maneno “kuugawa uso mmoja kuwa miwili”. Yanategemea ukweli kwamba mstari unaojifunga bila kujikata huigawa karatasi kuwa ndani na nje. Jicho linalikubali hilo mara moja, lakini kulithibitisha kwa mistari ya kila namna ya kupinda ni kazi ngumu, na Camille Jordan ndiye aliyelishughulikia kwa uzito katika kitabu chake cha mwaka 1887. Jambo hili la pili litarudi mwishoni, kwa sababu hoja yote kuhusu K5 inasimama au kuanguka nalo.

Sasa ichukuliwe, kwa ajili ya kujaribu, kwamba K5 ni bapa. Yaani ichukuliwe kwamba mahali fulani upo mchoro wa vipeo 5 na kingo 10 usio na mkato hata mmoja. Hakuna haja ya kuujua umbo lake. Kama upo, kanuni ya Euler inauhusu, na idadi ya nyuso zake inapatikana papo hapo: 5 − 10 + nyuso = 2, kwa hiyo nyuso ni 7. Mchoro huo, uwe umepinda vipi, ni lazima uwe na nyuso 7 kamili, ukiwemo wa nje.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha uthibitisho, na ni vyema kuiendea polepole. Kila ukingo una pande mbili, na kila upande unatazama uso fulani. Kingo 10 zina pande 20. Basi mchoro unaodhaniwa kuwepo una pande 20 za kugawia nyuso zake 7, wala haziwezi kuzidi hapo.

Je, uso mmoja unahitaji pande ngapi ili uzingirwe? Uso wenye upande mmoja tu ungehitaji ukingo unaotoka kwenye kipeo na kurudi kwenye kipeo hicho hicho. K5 haina ukingo wa namna hiyo. Uso wenye pande mbili ungehitaji kingo mbili zinazounganisha vipeo vilevile viwili, mmoja ukipita huku na mwingine kule. K5 haina hizo pia, kwa kuwa kila jozi ya vipeo ina ukingo mmoja tu. Kwa hiyo kila uso unahitaji pande zisizopungua tatu, na sharti hili linauhusu uso wa nje sawasawa na za ndani. Nyuso 7, kila mmoja kwa pande 3 angalau, zinahitaji pande 21.

Zilizopo ni 20. Zinazohitajika ni 21. Mchoro uliodhaniwa kuwepo unadai upande mmoja zaidi ya zile unazoweza kuwa nazo, na hakuna mchoro unaoweza kutimiza dai hilo. Kwa hiyo haupo, na K5 si grafu bapa. Uthibitisho umeishia hapo. Haukutazama mchoro hata mmoja, na kwa sababu hiyo umeweza kuikataa yote.

Kasoro ni ya upande mmoja tu, na udogo wake unaeleza kwa nini mchoraji huhisi kwamba amekaribia sana kufaulu. Hisia hiyo ni ya kweli. Ukingo wa CE ukiachwa kabisa, zinabaki kingo 9, na mchoro uliotajwa mwanzoni unakamilika bila mkato: pembetano, AC na AD zikiwa ndani, BD na BE zikiwa nje. Nyuso zake ni 6, yaani ABC, ACD na ADE ndani ya pembetano, BCD na BDE nje yake, na ABE kama uso wa nje kabisa. Zote ni pembetatu. Pande zilizopo ni 18, na pande zinazohitajika, 6 mara 3, ni 18 pia. Hakuna hata upande mmoja uliobaki wa kuukaribisha ukingo wa kumi. Mchoro wenyewe unashuhudia hivyo: C iko kwenye mipaka ya ABC, ACD na BCD, na E iko kwenye mipaka ya ADE, BDE na ABE. Hakuna uso ambao C na E zinauchangia, kwa hiyo hakuna eneo ambalo CE ingeweza kupita bila kuvuka mpaka.

Hesabu hiyohiyo, ikiandikwa kwa ujumla, inatoa kipimo cha haraka kwa grafu yoyote iliyoshikana yenye vipeo vitatu au zaidi, isiyo na kingo zinazojirudia wala kingo zinazojirudisha kwenye kipeo kimoja. Kama ni bapa, kingo zake haziwezi kuzidi mara tatu ya vipeo ukitoa sita. Kwa vipeo 5 kikomo ni 9. K5 ina 10.

Kosa moja hutokea mara nyingi pale mwanafunzi anapotaka kuijaribu kanuni kwenye ule mchoro wa nyota. Anahesabu vipeo 5 na kingo 10, kisha anahesabu vyumba anavyoviona: 1 katikati, 5 za ncha za nyota, 5 kati ya nyota na pande za pembetano, na 1 wa nje, jumla 12. Anapata 5 − 10 + 12, yaani 7, na kudhani kwamba Euler alikosea. Kosa ni kuitumia kanuni kwenye mchoro wenye mikato. Vyumba vile 12 si nyuso za K5, kwa kuwa mipaka yake inaishia mahali ambapo hapana kipeo. Kanuni hurudi kuwa sahihi mara tu kila mkato unapofanywa kuwa kipeo halisi. Hapo vipeo vinakuwa 10. Kila mstari wa nyota umekatwa vipande vitatu, na vipande hivyo 15 pamoja na pande 5 za pembetano ni kingo 20. Nyuso ni 12, na 10 − 20 + 12 ni 2. Lakini grafu hiyo si K5 tena.

Mchoro wenye mkato mmoja unapendeza zaidi ukihesabiwa hivyo. Mkato wa CE na AD ukifanywa kipeo cha sita, kingo zinakuwa 12 na nyuso 8, na 6 − 12 + 8 ni 2. Kila uso ni pembetatu na kila kipeo kina kingo 4. Hiyo ndiyo hasa grafu ya oktahedroni, umbo linalopatikana piramidi mbili za kitako cha mraba zinapounganishwa kitako kwa kitako.

Kipimo cha kingo kina mpaka wake, na ni lazima mpaka huo ujulikane. Grafu ikivuka kikomo, kwa hakika si bapa. Ikiwa chini ya kikomo, hakuna kinachojulikana bado. Mfano unaoliweka hili wazi ni K5 yenyewe ikiongezewa kipeo kimoja katikati ya kila ukingo. Vipeo vinakuwa 15 na kingo 20, na kikomo kwa vipeo 15 ni 39. Grafu inakipita kipimo kwa raha, ilhali kuongeza nukta juu ya mstari hakuwezi kuondoa mkato wowote. Bado si bapa.

Mfano wa pili ni fumbo la kale la nyumba tatu zinazotakiwa kuunganishwa kila moja na vituo vitatu, cha maji, cha gesi na cha umeme, bila mabomba wala nyaya kukatana. Vipeo ni 6, kingo ni 9, na kikomo ni 12. Kwa kipimo cha kwanza hakuna tatizo. Lakini katika grafu hii nyumba haiungani na nyumba, wala kituo na kituo, kwa hiyo haina pembetatu hata moja. Kila uso ungehitaji pande nne angalau. Kanuni ya Euler inadai nyuso 5, nazo zingehitaji pande 20, ilhali kingo 9 zina pande 18 tu. Njia ni ileile. Kilichobadilika ni idadi ya chini ya pande kwa kila uso. Mwaka 1930 Kazimierz Kuratowski wa Poland alionyesha kwamba grafu hizi mbili ndizo chanzo cha matatizo yote: grafu isiyo bapa haikosi kuwa na mojawapo ndani yake, pengine ikiwa imefichwa na vipeo vya ziada juu ya kingo.

Matokeo haya yanajibu pia fumbo ambalo August Ferdinand Möbius aliwapa wanafunzi wake mnamo 1840. Mfalme mwenye wana watano aliusia ufalme wake ugawanywe katika mikoa mitano, kila mkoa ukiwa kipande kimoja na ukipakana na yote minne mingine. Kupakana kunamaanisha kuchangia mstari wa mpaka, si nukta tu. Kama ugawaji huo ungewezekana, kila mkoa ungejengewa mji mmoja, na barabara ingepitishwa kutoka mji hadi mji kwa kuvuka mpaka wa pamoja, bila barabara mbili kukatana. Barabara hizo 10 kati ya miji 5 zingekuwa mchoro wa K5 usio na mkato. Kwa hiyo wosia hauwezi kutekelezwa. Wapo waliodhani kwamba hilo linatosha kuthibitisha kuwa kila ramani yaweza kupakwa rangi nne tu bila mikoa inayopakana kupata rangi moja. Halitoshi. Ramani inaweza kukosa mikoa mitano inayopakana yote kwa yote, na bado mtu akawa na sababu ya kuhofia kwamba itahitaji rangi ya tano kwa namna nyingine, kama vile duara ya mikoa mitano inavyohitaji rangi tatu ingawa haina mikoa mitatu inayopakana yote. Uthibitisho wa rangi nne ulipatikana mwaka 1976, kwa njia ndefu sana, kazi ya Kenneth Appel na Wolfgang Haken.

Linabaki lile jambo la mstari unaofunga mzunguko na kugawa uso. Juu ya karatasi ni kweli, na juu ya tufe pia ni kweli, ndiyo sababu K5 haichoreki kwenye mpira kama isivyochoreka kwenye karatasi. Lakini juu ya umbo lenye tundu, kama tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo, mstari unaweza kuzunguka unene wa tyubu, ukajifunga, na eneo likabaki moja: kutoka upande huu wa mstari mtu anaweza kuizunguka tyubu yote na kutokea upande wa pili bila kuuvuka. Uthibitisho wa kanuni unavunjika hapo hapo. Juu ya tyubu, kwa mchoro ambao kila uso wake ni eneo lisilo na tundu, vipeo ukitoa kingo na kuongeza nyuso ni 0, wala si 2. Kwa K5 hesabu hiyo inadai nyuso 5 badala ya 7. Nyuso 5 zinahitaji pande 15 tu, na zilizopo ni 20. Na kweli inawezekana: K5 huchoreka juu ya tyubu bila mkato wowote, na hata kwa namna ambayo nyuso zake zote tano ni pembenne, kila mmoja ukichukua pande 4 katika zile 20.